Dhamana Iliyosomewa Fatiha

Madina hakuwa na chombo cha mtoni. Hakuwa na gari, wala shahada, wala Kifaransa cha kuandikia barua za ofisini; Kifaransa chake kilikuwa cha soko, cha kuuliza bei na kukataa bei. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kusimama mlangoni. Hakuwa na mume tangu mvua kubwa zilizopita, Ismaël alipolala mchana na homa na asiamke. Hakuwa na machozi pia. Siku za matanga watu wa Kabondo, mtaa wake, walimtazama wakingoja alie, naye akawapikia wageni, akasugua sufuria, akakunja mikeka ya kurudisha kwa majirani. Tangu hapo chumvi na sukari vilikuwa kitu kimoja mdomoni mwake.

Alichokuwa nacho ni depo. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali karibu na mto, yenye mabati mazima na sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili unyevu usipande. Ndani yake alitunza kakao ya wakulima wa Yanonge, ng'ambo ya mto. Wao waliichuma, wakaivundika kwa majani ya ndizi, wakaianika, wakaileta kwa pirogi, mitumbwi yao ya mtoni. Yeye aliikausha tena, akaitunza, akaitafutia mnunuzi, akabaki na sehemu yake ndogo. Kakao haikuwa yake. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua jina lake, na labda ndilo jambo pekee alilokuwa bado analijua vizuri.

Msimu ule mnunuzi alitoka ndani ya ukoo wenyewe. Fadhili, mdogo wake Ismaël, alirudi kutoka Kinshasa na viatu vyenye ncha na mkoba wa ngozi. Alikuwa mtu wa kucheka, wa kusalimia hata mbuzi. Siku ya maziko ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea kaka yake, na Madina hakulisahau hilo.

"Shemeji," alimwambia, "miye nitatwaa kakao yote. Yote. Nitaipeleka Kinshasa na baleinière, ile chombo murefu ya mbao, nitaiuzisha kwa batu bakubwa, kiisha ninalipa. Bei yangu inapita ya bale banyang'anyi ba soko."

"Kiisha ni lini?"

"Kisha ya kuuzisha. Lakini sikuje na mudomo mutupu." Akafungua mkoba, akatoa karatasi nzito yenye nembo ya kijani. "Garantie ya banki. Kama siku imefika na sijalipa, banki ya Lukunga inalipa yenyewe. Miye nikikimbia, nikifa, chombo kikizama, banki inalipa. Soma jina lako hapa."

Jina lake lilikuwapo kweli, limepigwa chapa: yeye ndiye wa kulipwa. Palikuwa na namba ndefu, kiasi, tarehe, sahihi mbili na mihuri mitatu. Hakuwahi kuona karatasi yenye mihuri mitatu isipokuwa cheti cha ndoa cha binamu yake aliyeolewa Ubelgiji.

Mzee Hemedi, baba mdogo wa Ismaël na mkubwa wa ukoo, aliwaita watu nyumbani kwake. Walikaa wanaume saba au wanane mkekani, Madina akakaa mlangoni pamoja na wanawake. Karatasi ilizungushwa mkono kwa mkono. Kila mmoja aliigusa mihuri kwa kidole kama mtu anayepima joto la maji. Mzee Hemedi akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Mikono ikainuliwa, Fatiha ikasomwa, nyuso zikapanguswa, na kahawa ikaletwa. Katika nyumba zile za zamani, biashara ikishasomewa Fatiha imefungwa. Anayeuliza swali baada ya hapo hatilii shaka bidhaa. Anatilia shaka mikono ya watu iliyokuwa imeinuliwa.

Usiseme kwamba Madina hakufanya lolote. Siku iliyofuata alichukua simu akapiga namba iliyoandikwa chini ya karatasi. Mwanamke mwenye sauti laini aliitikia kwa Kifaransa safi, akataja jina la benki, akamwomba asome namba ya dhamana, akamwacha asikilize muziki kidogo, halafu akasema ndiyo madame, garantie hiyo ni yetu na iko sawa. Madina alishukuru. Alipokata simu alingoja kusikia furaha au angalau wepesi. Hakusikia kitu. Akaenda kugeuza kakao.

Pierre ndiye aliyekuja kuvuruga. Alikuwa msemaji wa wakulima wa Yanonge, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Alifika na pirogi ya asubuhi, akakaa juu ya gunia, akasikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "Hiyo Fatiha ilikuwa ya muzuri?"

"Ilikuwa Fatiha, papa Pierre."

"Nauliza tu. Juu sisi haikutukuta pale. Sisi ni Bakatoliki, mama. Hiyo Fatiha yenu haitabebaka kakao yetu kama imeanguka mu maji."

"Nilipiga simu kwa benki. Walisema iko sawa."

"Uliona banki?"

"Nilisikia."

"Hata miye nasikiaka redio inasema barabara ya Yanonge imetengenezwa." Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mama, batoto bote ba ng'ambo ile, masomo yao iko mu hii magunia. Mwaka muzima. Haiko kakao yako, haiko ya Fadhili. Enda uulize mutu mwenye iko na meza."

Madina alijua kwamba angeambiwa amewatukana wazee. Aliliwaza jambo hilo kama mtu anavyomwaza mtu wa mbali. Kisha akafunga depo, akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na kijana mwenye nayo akakanyaga polepole mpaka Makiso, katikati ya mji, kwenye benki ambako depo ilikuwa na akaunti yake.

Mkuu wa tawi aliitwa Arsène. Alikuwa ameoa mwanamke wa Kabondo na aliwahi kuja kwenye matanga ya Ismaël, akakaa nyuma kabisa na kuondoka bila kula. Alimkaribisha ofisini, akawasha feni, akaichukua karatasi bila kuigusa mihuri. Aliisoma kutoka juu hadi chini.

"Ni nzuri," akasema.

"Kwa hiyo ni ya kweli?"

"Mama Madina, nimesema ni nzuri. Kwa macho mimi siwezi kukuambia zaidi, na anayekuambia zaidi kwa macho anakudanganya. Leo kila mtu ana mashine ya kuchapa rangi. Uliwauliza wenyewe?"

Akamweleza juu ya simu. Arsène akaweka kidole chini ya karatasi.

"Namba hii?"

"Ndiyo."

"Umeitoa hapa hapa?"

"Ningeitoa wapi?"

Arsène hakucheka. "Kama karatasi ni ya uongo, aliyeiandika ndiye aliyeandika na namba. Atakuwa ameweka na mtu wa kuitikia. Umempigia mwenye karatasi ukamuuliza kama karatasi yake ni nzuri." Akasogeza kiti. "Dhamana ya benki haiulizwi kwa mnunuzi, wala kwa namba aliyoitoa mnunuzi. Wewe unaleta kwangu, mimi benki yako nauliza benki yao. Tuna njia yetu, mtandao wa mabenki peke yao. Ninajua ujumbe umetoka kwao kwa sababu mtu wa nje hawezi kuingia humo. Na kwa kawaida dhamana ya namna hii ingekuja kwa njia hiyo hiyo, mpaka kwangu, nami ningekuita. Haiji ndani ya mkoba wa mtu."

"Fadhili alisema alipewa mkononi ili iende haraka."

"Inaweza kutokea. Ndiyo maana tunauliza."

Alimwandikia ombi fupi, Madina akalisoma mara mbili na kutia sahihi: aliiruhusu benki yake iulize kwa niaba yake. Wakapiga picha ya karatasi pande zote mbili. Karani mmoja akachukua, akaenda nayo chumba cha nyuma.

Kesho yake simu ya Madina ililia akiwa sokoni akinunua ndizi za kuponda lituma. Alikuwa yule karani. Lukunga wamejibu, akasema kwa haraka. Namba ya dhamana iko katika vitabu vyao.

"Iko?"

"Iko, mama. Namba iko. Chef Arsène ataangalia jibu akirudi kutoka kwenye mkutano."

Madina alisimama katikati ya ndizi. Mwenye ndizi akamuuliza kama ananunua au anazichumbia. Akalipa. Alihisi kwamba sasa ana deni la kuomba radhi kwa mzee ambaye Fatiha yake ameitilia shaka, na kwa kuwa deni hilo lilikuwa jambo la kufanya, na mambo ya kufanya ndiyo yaliyokuwa yakimsogeza siku hizo, alipita kwa Mzee Hemedi kabla ya kufika nyumbani.

"Niliuliza benki, baba," akasema. "Unisamehe. Wanasema namba iko."

Mzee Hemedi alikuwa akipunga hewa kwa kipepeo cha ukili. Alikiweka chini bila kumtazama, amekasirika.

"Uliuliza kisha ya Fatiha."

"Ndiyo."

"Ismaël hangefanya hivi."

"Ismaël hayuko, baba."

"Bon. Umeuliza, umejibiwa. Sasa Fadhili apakie. Chombo hakingoje mutu."

Mzee alikuwa na ufunguo wa pili wa depo tangu enzi za Ismaël, na Madina hakuwahi kumwomba aurudishe. Hakuliwaza hilo. Alienda nyumbani akaponda lituma, akala bila kujua ladha yake, akalala.

Asubuhi Arsène mwenyewe ndiye aliyemwita, akamwambia aje, asiulize kwa simu. Alipofika, mlango wa ofisi ulifungwa.

"Karani wangu alifanya kosa," Arsène akasema. "Jana aliwapelekea namba peke yake. Wakajibu kwamba namba iko. Namba peke yake ni jina bila sura, mama. Nikawaandikia upya: namba, mwombaji, wa kulipwa, kiasi, tarehe, pamoja na maneno yote ya karatasi. Nimepata jibu sasa hivi."

Alimgeuzia kioo cha kompyuta ingawa maandishi yalikuwa ya Kifaransa cha ofisini, kisha akamsomea taratibu. Benki ya Lukunga ilisema kwamba dhamana yenye namba ile waliitoa wao, lakini kwa mteja mwingine, kwa mtu mwingine wa kulipwa, na muda wake ulikuwa umekwisha. Mwombaji aliyetajwa, Fadhili, hakuwa mteja wao. Karatasi iliyoonyeshwa haikutoka kwao na haiwafungi kwa lolote. Waliomba, ikiwezekana, karatasi yenyewe, si picha yake, ipelekwe kwa idara yao ya sheria Kinshasa, kwa sababu haikuwa ya kwanza.

"Matapeli wamechukua namba ya kweli wakaivalisha nguo nyingine," Arsène akasema. "Anayeuliza namba tu anapata ndiyo."

"Kama ningempa kakao?"

"Ungekuja kwangu siku ya malipo na karatasi hii. Ningeipeleka Lukunga. Wangenijibu hivi hivi. Na kakao ingekuwa imeshaliwa."

Madina aliitazama feni ikizunguka. Aliona kwamba mikono yake imetulia juu ya mapaja kama mikono ya mtu mwingine. Arsène akamsukumia glasi ya maji, na wakati huo huo simu ya Madina ikalia mkobani. Alikuwa Pierre.

"Mama, uko fasi gani? Magunia yetu inashuka kwa bichi. Mulango ya depo iko wazi. Nikauliza nani alifungua, banasema ni muzee."

Kijana wa toleka alikanyaga mpaka shati lake likageuka rangi kwa jasho. Madina alikaa nyuma ameikumbatia karatasi ndani ya bahasha ya kaki, akiona mitaa ikipita: wauza simu, wanafunzi wenye mashati meupe, mwanamke mwenye samaki wa wavuvi Wagenia kichwani, mikia imeinama pande zote mbili. Alikumbuka kwamba anapaswa kuogopa. Aliitafuta hofu akakuta mahali pake tu.

Bichi, gati la vyombo vya mtoni, ilikuwa imejaa. Chombo cha mbao, kirefu, kilikuwa kimefungwa kwa kamba ubavuni, na wabebaji walipita juu ya ubao mmoja wakipishana na magunia mabegani. Sehemu kubwa ya kakao ilikuwa imeshaingia. Kila gunia lilishonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Ndivyo Yanonge walivyoshona, ili wayatambue yao popote. Pierre alisimama kando ya ubao, kofia kichwani, akiwahesabu wabebaji kwa midomo.

Madina hakumsalimu mtu. Alipanda ubao, akasimama katikati. Mbebaji aliyekuwa akija na gunia alisimama mbele yake.

"Mama, pisha, hii kitu iko nzito."

"Rudisha."

"Nirudishe wapi?"

"Ulikotoa."

Fadhili alikuja akikimbia kwa viatu vyake vyenye ncha, akicheka bado. "Shemeji. Unazuia batu njia. Muzee alisema umeuliza, umejibiwa."

"Nimejibiwa tena."

Alimwona akiisoma sura yake, na sura yake haikuwa na maandishi. Kicheko cha Fadhili kilichukua muda kuondoka.

"Tuongee kando," akasema.

"Magunia yashuke kwanza."

"Shemeji, batu banatuangalia."

"Na waangalie."

Mwenye chombo, mzee mnene mwenye taulo shingoni, aliteremka kujua kwa nini wabebaji wake wamesimama. Akauliza mzigo ni wa nani. Fadhili akasema ni wake. Pierre akasema, bila kuinua sauti, kwamba uzi mwekundu ni wa Yanonge, na kwamba kama yule bwana anaweza kusema nani anashona kwa nyuzi hizo na kwa sindano gani, Yanonge watampa kakao bure. Wabebaji wawili wakacheka. Mwenye chombo akamtazama Madina.

"Mama, depo ni yako?"

"Ni yangu. Kakao ni yao. Sijaitoa."

"Alors basi." Akafuta shingo kwa taulo. "Mizigo yenye kesi sibebi. Mutoni hakuna tribunal. Teremusheni."

Wabebaji walidai walipwe mara mbili, kuingiza na kutoa, na Fadhili ndiye aliyelipa, akitoa noti moja moja kana kwamba kila moja ina mzizi. Magunia yakarudi juu ya ubao ule ule. Ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Madina alisimama pale mpaka gunia la mwisho likafika nchi kavu, na Pierre akaligonga kwa kiganja kama mtu anayempiga mbuzi wake begani.

Walikaa ndani ya depo, wao watatu: Madina, Fadhili na Mzee Hemedi aliyekuwa ameitwa. Pierre alibaki nje akipanga magunia na vijana wake. Mzee aliusoma mwenyewe ujumbe wa benki ambao Arsène alikuwa amemchapia Madina, akiutenga mbali na macho, kisha akauweka chini.

"Ulijua?" akamuuliza Fadhili.

Fadhili aliangalia ncha za viatu vyake. "Nilienda kwa banki ya kweli, baba. Naapa. Banaomba nyumba ya rehani, ao pesa ya kuweka pale, baifunge. Nyumba sina. Pesa ningekuwa nayo ningeombea nini garantie? Nikatoka. Kuko mutu anasimamaka mulangoni, na kostume, na badge. Akaniambia banki inaogopaka batu bageni, lakini yeye iko na njia ya ndani. Nikamulipa. Kisha ya juma mbili akaniletea."

"Nilikuuliza, ulijua?"

"Nilijua haitoke kwa meza ya banki." Sauti yake ilishuka. "Sikujua kama ni bure kabisa. Lakini ningelipa, baba. Kakao ingefika, ningeuzisha, ningelipa kila mutu. Karatasi ilikuwa tu ya kufungua mulango. Hakuna mutu angeihitaji."

"Dhamana si ya siku utakayolipa," Madina akasema. "Siku utakayolipa hatuihitaji. Ni ya siku usipolipa. Na siku hiyo ulinipa karatasi tupu."

Nje Pierre alikuwa akimwambia mtu kwamba gunia si mke wa mtu, alikamate vizuri.

Mzee Hemedi alipangusa uso kwa viganja vyote viwili, kama baada ya dua. "Nilisoma Fatiha juu ya hii kitu," akasema. Alijisemea mwenyewe. Akatoa mfukoni ufunguo wa depo akauweka juu ya mbao, karibu na goti la Madina, kisha akasema, "Mwanangu, kakao imerudi. Hakuna mutu amepoteza kitu. Murudishie karatasi yake, tuzike hii neno hapa ndani. Ni damu ya Ismaël."

"Unirudishie, shemeji," Fadhili akasema. "Nililipa pesa mingi. Nitaenda nayo Yangambi."

Madina alimgeukia. "Yangambi kufanya nini?"

Pengine ni uchovu uliomfanya aseme ukweli. "Kule kuko Françoise, mwenye depo. Nilimutumia picha ya karatasi tayari, jina lako nimefunika; ule mutu wa kostume atabadilisha. Yeye haulizake sana."

Madina alimjua Françoise. Walikutana kila msimu kwenye mzani. Françoise alikuwa mjane pia. Alilia sana siku zake, akapona. Watu wa kule walimletea kakao kwa pirogi kama hawa walivyomletea yeye, na wakashona magunia kwa uzi wa buluu.

Alimkumbuka Fadhili akishuka kaburini kwa miguu mitupu, udongo ukimfika magotini, akinyoosha mikono kumpokea kaka yake. Alikumbuka vizuri. Hakuna kilichosogea ndani yake. Akaona kwamba hata kingesogea, uamuzi ungekuwa ule ule, na hilo lilimsaidia.

"Sitakurudishia," akasema.

"Shemeji."

"Nenda ukale. Kuna lituma jikoni."

Fadhili hakwenda kula. Aliondoka na mkoba wake mtupu, akapita kati ya vijana wa Pierre bila kuwasalimu. Mzee Hemedi alibaki amekaa. Alikuwa na maneno mengi, ilionekana, lakini la mwisho alilosema lilikuwa fupi: "Watamukamata."

"Labda. Nitawaandikia Lukunga kwamba aliuziwa na mtu wa mlangoni. Nitaandika namna mtu huyo alivyo, suti na beji. Wao ndio wanaomtaka huyo."

"Na batu ba Kabondo watasema uliuza ndugu ya bwana yako."

"Watasema, baba."

Mzee aliinuka kwa kushika gunia. Mlangoni alisimama, akamgeukia kidogo. "Siku ingine," akasema, "kwanza uende banki, uniambie, halafu ndiyo nisome Fatiha." Akaondoka, kipepeo chake cha ukili kikabaki sakafuni.

Kwanza alimpigia Françoise. Alisema maneno machache: picha uliyotumiwa, usipige namba iliyo chini yake, ipeleke benki yako iulize, na iulize karatasi nzima, si namba tu. Françoise akauliza, "Na weye uko namna gani, yaya, dada yangu?" Madina akasema yuko salama, akakata.

Pierre aliingia kuomba maji, akanywa kwa kikombe cha Ismaël bila kujua. Akamwambia kwamba kuna mnunuzi wa mtaa wa Mangobo, bei yake ndogo, lakini analipa pesa mkononi, na Yanonge watamwuzia yeye. Kisha akaona karatasi na kalamu juu ya gunia, akatoka kukaa mlangoni kama mtu anayelinda.

Madina aliandika kwa Kifaransa chake cha soko. Hakujua maneno ya ofisini, kwa hiyo aliweka mambo kama yalivyotokea, moja baada ya jingine: mkoba, mihuri mitatu, simu ya kwanza na yule mwanamke wa muziki, benki yake, namba peke yake, karatasi nzima. Aliandika kwamba Fadhili ni shemeji yake, kwamba alidanganywa naye akadanganya, na kwamba yeye Madina anaomba yote mawili yaandikwe pamoja. Alitia sahihi. Akaichukua dhamana, akaipitia mara moja tena. Ilikuwa nzuri kweli. Jina lake lilipigwa chapa vizuri kuliko popote alipowahi kuliona. Akaikunja pamoja na barua, akaiingiza ndani ya bahasha.

Unyevu wa mto ulikuwa umekula gundi, mdomo wa bahasha ukakataa kushika. Akaenda jikoni kwake, nyuma ya depo. Kando ya ile lituma palikuwa na sufuria ya fufu ya muhogo iliyobaki tangu juzi, baridi. Akachota kidogo kwa kidole, akailainisha kwa maji, akapaka ukingo wote, akaukandamiza kwa ngumi mpaka ukashika. Kidole alikilamba bila kufikiri. Fufu ilikuwa imechacha kidogo, na alisikia uchachu wake.

Alifunga depo kwa ufunguo wake, ule wa mzee akautia kwenye pindo la kitenge. Pierre akamwitia toleka. Katika ofisi ya wakala wa mizigo ya ndege, kule Makiso, msichana wa kaunta aliigeuza bahasha mara mbili, akagusa ukingo wake mweupe, akauliza ndani kuna nini.

"Karatasi," Madina akasema. "Ipelekeni benki ya Lukunga, Kinshasa, idara ya sheria. Mkononi."

Msichana akapiga muhuri, akamkatia risiti, akaitupa bahasha ndani ya mfuko wa ndege ya asubuhi.